Viatu Mlangoni, na Dakika Kumi na Tatu

Zoezi letu la kwanza la dharura lilikwisha mara mbili. Mara ya kwanza lilikwisha kwa Mkuu wa shule, alipobonyeza simu yake na kutangaza kwa furaha kwamba watoto wote wako nje kwa dakika 5 na sekunde 10. Mara ya pili lilikwisha kwangu, dakika 13 na sekunde 40 tangu kengele ilie, mtoto wa mwisho alipopatikana. Kwa muda huo katikati watoto walikuwa wamekaa chini ya mwembe wanaimba, walimu wanapiga soga, na mimi nazunguka na daftari nikiuliza, "Jamani, La Pili wako wangapi leo?" Hakuna aliyekuwa na jibu.

Nafundisha Darasa la Kwanza katika shule ya msingi yenye darasa la awali, hapa Tanga. Jengo ni la ghorofa moja, umbo la mstari mrefu. Chini kulikuwa na ofisi na madarasa ya La Tatu hadi La Saba, watoto 174 kwa jumla. Juu kulikuwa na wadogo wote: Awali 34, La Kwanza 41, La Pili 43. Ukiuliza kwa nini wadogo ndio wapande juu, utaambiwa kwamba ghorofa lilijengwa baadaye, vyumba ni vipya, vina rangi nzuri na upepo wa bahari, na wazazi wanaokuja kuandikisha watoto wa miaka minne wanapenda kuonyeshwa vyumba vizuri. La Saba nao wakabaki chini karibu na ofisi kwa sababu ya mitihani. Miaka yote niliyokuwa pale hakuna aliyeona kasoro, mimi mwenyewe nikiwemo.

Kilichonifanya nianze kuitazama ngazi kwa jicho jingine ni habari ya Kakamega, Kenya, Februari 2020. Watoto zaidi ya kumi wa shule ya msingi walifariki kwa kukanyagana ngazini wakati wa kutoka madarasani jioni. Nilikuwa nikisimama juu ya ngazi yetu saa tisa, watoto wanashuka kwa kusukumana na mabegi mgongoni, nikawa najiuliza ikiwa siku ya kawaida ni hivi, siku ya moshi itakuwaje. Ilinichukua muda mrefu kuliko ninavyopenda kukiri kabla sijaenda kwa Mkuu kuomba tufanye zoezi. Akakubali, akanikabidhi kazi yenyewe. Ndivyo ilivyo shuleni, mwenye wazo ndiye mwenye kazi.

Jambo la kwanza nililoliwaza ni kengele. Yetu ni rimu ya gari iliyoning'inizwa kwenye tawi, na mlinzi huipiga kwa nondo. Nilitamani king'ora cha umeme, lakini umeme huku hukatika, na moto ukianzia kwenye nyaya ndio kabisa. Kwa hiyo rimu ikabaki, tukakubaliana mlio: mapigo ya haraka yasiyokatika kwa dakika nzima, tofauti na mapigo matatu ya mapumziko. Niliwaeleza walimu kwenye kikao. Nikatuma ujumbe kwenye kundi la wazazi usiku uliotangulia, ili asije mtu akasikia kwa jirani kwamba shule inaungua akaja mbio na bodaboda. Kwa watoto nilidhani tangazo la paredi linatosha.

Pia niligawa waangalizi watano, na kila mmoja nikampa karatasi na sehemu moja tu ya kusimama: mlango wa Awali, juu ya ngazi, chini ya ngazi, geti la nje, na mwembeni. Kazi yao haikuwa kusaidia watoto. Kazi yao ilikuwa kuandika saa, mtoto wa kwanza kapita lini na wa mwisho lini, na kuandika walichokiona kwa macho. Wote tulilinganisha saa za simu asubuhi ile, tukakubaliana kuanza kuhesabu kwenye pigo la kwanza la rimu. Kwa kazi hii nashukuru kuliko yote, kwa sababu muda mmoja wa jumla haukuambii kitu. Unakuambia mmechelewa, haukuambii mmechelewea wapi.

Ilikuwa Jumatano, saa nne na dakika kumi asubuhi. Rimu ikalia. Jambo la kwanza lililotokea ni kwamba La Kwanza, darasa langu mwenyewe, walishangilia. Saa nne na nusu ndio saa ya uji, na masikioni mwao kengele ni kengele. Nusu yao walishaingiza mikono kwenye mabegi kutafuta vikombe. Nilipowapanga mistari miwili na kutoka, sekunde 35 zilikuwa zimepita. La Pili walitoka sekunde 15 baadaye. Tukakutana juu ya ngazi, watoto 80 na kitu, wakaingia ngazini wawili wawili.

Mwangalizi wa chini ya ngazi aliandika kwamba walikuwa wakitoka mtoto mmoja kila sekunde moja na nusu hivi, bila kuongezeka wala kupungua. Ukiwahimiza kutoka nyuma, kasi ya chini haibadiliki, wanabanana tu. Ngazi ni kama shingo ya chupa. Watoto wa miaka sita na saba wanashuka vizuri kama mbele yao kuna nafasi ya ngazi moja au mbili, na wakibanana hawaoni wanapokanyaga, basi wanasimama. Nilikuwa mwalimu wa kupiga kelele "haraka, haraka!" Nimeacha.

Na Awali? Awali hawakuwepo. Dakika ya kwanza ikapita, ya pili ikapita, korido tupu. Mwangalizi wa mlango wao aliandika neno moja kwa herufi kubwa na kulipigia mstari: VIATU.

Awali hukaa kwenye mkeka, na mtoto akiingia darasani huvua viatu mlangoni. Kengele ilipolia, mwalimu wao aliwapanga vizuri kabisa, na kila mtoto alipofika mlangoni akafanya alichofundishwa tangu Januari: akainama akatafuta viatu vyake. Watoto 34, jozi 34, nyingi ni nyeusi za aina moja, zenye kamba ya kubandika. Mtoto wa miaka minne hajui kushoto na kulia. Mmoja alikaa kabisa kwenye kizingiti, miguu nje, akijaribu kufunga. Nyuma yake wote wakasimama kwa adabu, kwa sababu nao walifundishwa wasisukumane. Mtoto wa kwanza wa Awali alivuka mlango dakika 2 na sekunde 40 baada ya kengele.

Kisha ngazi. Kishikio cha bomba kimechomelewa kwa kimo cha mtu mzima, na mkono wa mtoto wa miaka minne unakifikia kwa kunyoosha kama anayening'inia. Kwa hiyo walishuka upande wa ukuta, mguu mmoja, kisha wa pili kwenye ngazi ileile, kisha tena. Mmoja mmoja, kila mtoto sekunde tatu. Piga hesabu, watoto 34 ni karibu dakika 2 za kushuka tu.

Wakafika mwembeni, Mkuu akasimamisha saa yake, tukapiga makofi. Mimi sikusimamisha yangu, si kwa busara yoyote, nilikuwa nimejiwekea tu kwamba zoezi linakwisha nikipewa idadi ya kila darasa. Idadi ya La Pili ikakataa. Daftari la mahudhurio lilikuwa limebaki juu ya meza, ghorofani, na mwalimu alikumbuka kwamba walikuwepo 42 asubuhi. Waliokuwa wamekaa mbele yetu ni 40. Akahesabu tena, akapata 41, kwa sababu watoto hawatulii. Akahesabu tena, 40.

Mmoja wa hao wawili alikuwa amechukuliwa na mama yake saa tatu kwenda kliniki. Ofisi ilijua, mwalimu wa darasa hakuambiwa. Wa pili alikuwa kwenye vyoo nyuma ya jengo. Alisikia rimu, akachungulia, akaona watu wote wanaondoka kwa mistari na walimu wana sura za ukali, akadhani kuna kosa limefanyika. Akarudi ndani akajifungia. Aliyempata ni mama wa jikoni, si mwalimu.

Tulikaa kikao cha tathmini siku ileile, saa saba mchana, watoto wakila. Nilisisitiza iwe siku ileile kwa sababu niliona hata ndani ya saa mbili watu walishaanza kukumbuka tofauti na karatasi zao. Nilikosea jambo moja katika kukiendesha kikao: nilianza kwa kumuuliza mwalimu wa Awali kwa nini alichelewa. Akanyamaza, na wengine wote wakanyamaza naye. Mwalimu mmoja mtu mzima akaniokoa. "Mwanangu," akasema, "tusiulize nani kachelewa. Tuulize watoto walisimama wapi." Baada ya hapo kikao kilifunguka. Tulichora jengo ubaoni, kila mwangalizi akaja kuweka alama mahali watoto waliposimama na kwa muda gani. Alama mbili nene zikajitokeza, mlango wa Awali na mwembe. Ngazi, niliyokuwa naiogopa kuliko vyote, ilikuwa ya tatu.

Kesho yake nikawauliza na watoto. Nisingewauliza, nisingejua kwamba wawili wa darasa langu waliacha kushika bomba kwa sababu lilikuwa la moto, ngazi ile inapigwa jua asubuhi. Mwingine akaniambia, "Ticha, mimi ningejificha chini ya dawati, moto haunioni." Wenzake wakatikisa vichwa kukubali. Sikucheka. Ofisa wa zimamoto aliyekuja baadaye kutupa mafunzo alituambia jambo hilohilo, kwamba mtoto mdogo akiogopa hujificha, hakimbii, hivyo mwalimu anayekagua chumba cha mwisho hachungulii mlangoni tu. Anainama aone chini ya madawati, nyuma ya mlango, nyuma ya pazia, kisha anafunga mlango bila kuutia kufuli, mlango uliofungwa unachelewesha moshi. Ofisa huyo pia alitutoa mwembeni. Mwembe uko kando ya geti, na gari la zimamoto likiingia linaingia juu ya watoto. Tulihamia chini ya miti upande wa uwanja, mbali na jengo na mbali na mitungi ya gesi ya jikoni.

Viatu tulivimaliza kwa rafu. Tuliiondoa mlangoni tukaiweka kwenye ukuta wa mbali wa korido, na sheria ikawa kwamba rimu ikilia haraka haraka, viatu vinabaki. Wazazi wawili walilalamika watoto kutembea peku kwenye mchanga wa moto. Wana haki, na ndiyo sababu nyingine ya kuchagua kivuli. Mlinzi naye akapewa kazi ya kufagia njia ile kila asubuhi, maana vipande vya chupa havikosekani.

Kuhesabu tulikumaliza kwa chaki na karatasi za rangi. Kila mlango una kibao kidogo upande wa nje kimeandikwa "Waliopo leo", na mwalimu anaandika idadi baada ya kuita majina. Mtoto akiondoka katikati ya siku, anayemtoa hapiti ofisini tu, anapita darasani, na namba inafutwa na kuandikwa upya mbele ya macho yake. Mwalimu anapotoka kwa dharura anakitwaa kibao kama anavyotwaa simu. Uwanjani akishahesabu, anainua karatasi ya kijani kama namba imelingana, nyekundu kama haijalingana. Hakuna kupiga kelele. Mkuu anatazama mara moja, anaona wapi pekundu, anaenda pale tu.

Mlio tuliwafundisha watoto kama wimbo, wiki tatu, dakika chache kila Jumatatu. Rimu ya mapumziko, wanakaa. Rimu ya haraka, wanasimama wima na kutazama mwalimu. Hakuna kutoka, kusimama tu. Nilitenganisha vitendo kwa makusudi, kwa sababu mtoto wa miaka minne akijifunza mambo matano kwa mkupuo anakumbuka la mwisho.

Zoezi la pili, baada ya wiki hizo tatu, lilikwisha kwa dakika 4 na sekunde 50 pamoja na hesabu kamili. Ningesimulia hapo ningeonekana hodari. Lakini kuna kamba. Niliona mahali fulani watoto wa awali wakitembezwa barabarani kwa kamba yenye vifundo, kila mtoto anashika kifundo chake, nikaipenda. Tukatengeneza ya katani, mlezi mbele, mwalimu nyuma. Kwenye korido ilikwenda kama reli. Ngazini, mtoto wa tatu aliteleza, hakuachia kifundo kwa sababu tulimwambia asiachie, akawavuta wawili wa mbele na mmoja wa nyuma. Walikaa wote wanne kwenye ngazi kama waliopanga foleni, wakalia. Goti moja lilichubuka. Kwa sakafu tambarare kamba ni nzuri sana, na kwenye ngazi mkono wa mtoto unatakiwa ushike kitu kisichotembea. Tulichomelea bomba la pili chini ya lile la juu, kimo cha sentimita 60 hivi, tukalipaka rangi nyeupe lisishike joto sana.

Kulikuwa na kasoro nyingine niliyoiona kwenye karatasi za zoezi lile na bado inanikera. Tulikuwa tumeamua Awali watangulie ngazini, La Kwanza na La Pili wasubiri koridoni. Ilipendeza, hapakuwa na msongamano. Lakini maana yake ni kwamba niliwasimamisha watoto 80 kwenye ghorofa la jengo linaloungua, nikiwaambia watulie, ili ngazi ionekane nadhifu. Mwangalizi wa juu ya ngazi ndiye aliyeandika: "Wamesubiri dakika 1 na sekunde 50. Moshi ungewasubiri?"

Hapo ndipo swali la vyumba lilipoibuka lenyewe, bila mimi kulisema. Likizo ya Juni tulibadilishana. Awali wakashuka wakachukua chumba cha La Saba, ambacho mlango wake unafunguka moja kwa moja uani. La Kwanza wakachukua cha La Sita. Wakubwa 60 wakapanda juu pamoja na La Pili, ambao hatukupata chumba cha kuwashushia. Mwalimu wa La Saba alinuna wiki mbili. Zile dakika zote za ngazi za Awali, viatu, kamba, bomba, mguu mmoja kisha mwingine, zilifutika kwa kuhamisha madawati siku moja. Tungeanza na hilo. Lakini kabla ya kuwa na karatasi zenye saa, nisingeweza kumshawishi mtu yeyote aache chumba chenye upepo.

Zoezi la tatu halikutangazwa kwa walimu. Mkuu, mimi, mlinzi na waangalizi tu ndio tuliojua. Na safari hii niliziba ngazi kubwa. Mwangalizi alisimama juu yake ameshika boksi lililoandikwa MOSHI kwa rangi nyekundu. Ngazi ya pili ipo, upande wa mashariki, nyembamba, na ilikuwa na geti la chuma lililofungwa kwa kufuli tangu wizi wa kompyuta. Baada ya zoezi la kwanza tulikubaliana kufuli itolewe kila asubuhi. Siku ile ilikuwa imetolewa kwenye pete, lakini komeo lilishika kutu, halikusogea.

Mwalimu wa La Pili alifika kwenye boksi, akasimama, akatazama kushoto na kulia kama sekunde kumi. Kisha akageuza mstari wake, wa nyuma wakawa wa mbele, akaenda mashariki. Walikuta wavulana wawili wa La Saba wanalipiga komeo kwa kiatu. Lilifunguka pigo la nne. Muda wa jumla ulikuwa dakika 6 na sekunde 5, mbaya kuliko zoezi la pili, na Mkuu alitaka tusiuandike kwenye ripoti ya wazazi. Tukauandika, pamoja na bei ya grisi. Komeo sasa ni la kusukuma, na mlinzi analifungua na kulifunga kila asubuhi mbele ya mwalimu wa zamu, anayetia sahihi.

Lililobaki ni saa ya kulala. Awali hulala kwenye mkeka kuanzia saa sita na nusu hadi saa saba na nusu, na mazoezi yote matatu tuliyafanya wakiwa macho. Wiki iliyopita nilijaribu kipande hicho peke yake, bila kuwatoa nje. Rimu ilipigwa uani, mwalimu na mlezi wakaanza kuwaamsha, nami nikasimama mlangoni na saa. Ilichukua dakika 2 na sekunde 20 hadi wote wawe wamesimama. Tisa waliamka kwa rimu. Wengine walihitaji kuguswa. Wawili walikaa, wakatutazama, wakalala tena, na hao ilibidi wabebwe. Mikono ya watu wazima mle ndani ni minne, na yote ilikuwa imekwisha. Nimemwomba Mkuu jikoni watoe watu wawili kwa saa ile, bado hajanijibu.